Kugawa Seli Katika Mji Unaokua: Hesabu ya Chaneli 36 na Minara Minne

Mji ninaouchambua hapa ni wa kudhaniwa, na takwimu zake nimezichagua ili hesabu ifuatike kwa urahisi, ila umbo lake litatambuliwa na yeyote aliyewahi kupanga mtandao wa simu katika miji ya bara. Umejipanga kando ya barabara kuu, katikati una soko, stendi ya mabasi na mabenki, na viunga vyake vinatambaa kila mwaka kuelekea mashambani. Kampuni moja ya simu inahudumia eneo la kilomita za mraba 41 hivi kwa vituo vinne vya GSM, yaani mfumo wa 2G, kimoja kikiwa karibu na soko na vitatu vikikizunguka. Ina wateja 6,500, na idadi yao inakua kwa asilimia 30 kila mwaka, maana yake baada ya miaka mitano watakuwa takriban 24,000. Malalamiko yanayofika ofisini ni ya aina moja: saa za jioni, ukiwa sokoni, simu haitoki.

Nimechagua GSM kwa sababu huko masafa hugawanywa waziwazi baina ya seli, yaani maeneo ambayo kila moja huhudumiwa na kituo chake, hivyo gharama ya kuyarudia huonekana kwa macho. Mitandao ya 4G hutumia masafa yale yale katika kila seli na kupambana na mwingiliano kwa mbinu nyingine, lakini hata huko kuongeza vituo na kupunguza ukubwa wa seli kunabaki kuwa njia kuu ya kuongeza uwezo.

Tuanze na kilichopo mkononi. Kampuni ina upana wa megahezi 7.2 katika bendi ya 900, na kwa kuwa kila chaneli ya GSM huchukua kilohezi 200, inapata chaneli 36. Kila chaneli hubeba vipande nane vya muda, na kila kipande ni nafasi ya mazungumzo ya mtu mmoja. Chaneli zote zingewekwa katika kila mnara, simu iliyo mpakani ingesikia minara miwili ikisema mambo tofauti katika masafa yale yale, na isingeelewa hata mmoja. Kwa hiyo chaneli hugawanywa kwa kundi la seli jirani, kisha kundi hilo hurudiwa kwa mbali. Wazo hili liliandikwa mwaka 1947 katika maabara za Bell nchini Marekani na Douglas Ring, miongo mitatu kabla vifaa vya kulitekeleza havijapatikana.

Ukubwa wa kundi, tuuite N, ndio unaoamua umbali wa kurudia. Katika mpangilio wa pembesita, chaneli hurudiwa kwa umbali D, ambapo R ni nusu kipenyo cha seli:

```
D = R × √(3N)
```

Kampuni yetu inatumia kundi la vituo vinne, kila kituo kikiwa na sekta tatu, maana yake antena zinazotazama pande tatu tofauti, hivyo kundi lina sekta 12 na kila sekta inapata chaneli tatu. Kwa R ya kilomita 2, D ni kilomita 6.93. Je, umbali huo unatosha? Mijini, nguvu ya mawimbi hupungua takriban kwa kipeo cha nne cha umbali. Antena za pande zote zingekuwa na wasumbufu sita wa mzunguko wa kwanza, yaani vituo vya karibu zaidi vinavyotumia chaneli hiyo hiyo, na uwiano wa mawimbi yanayotakiwa dhidi ya yanayosumbua ungekuwa 144 kugawanya kwa sita, sawa na desibeli 13.8. Antena za sekta huacha wasumbufu wawili hivi tu, na uwiano unapanda hadi desibeli 18.6. GSM inahitaji angalau desibeli 9, na wapangaji wengi huweka lengo la 12. Lakini hayo ni mahitaji ya pale simu ilipo, si ya wastani wa ramani. Jengo la ghorofa au kilima kidogo huweza kula desibeli sita au saba bila kuuliza, na ndiyo sababu 13.8 ya kwenye karatasi haitoshi ilhali 18.6 inatosha.

Sasa uwezo. Sekta yenye chaneli tatu ina vipande 24, na viwili kati yake hutumika kwa mawasiliano ya udhibiti, hivyo zinabaki nafasi 22 za mazungumzo. Nafasi 22 hazimaanishi kwamba unaweza kuzijaza zote saa nzima, kwa kuwa watu hawapigi simu kwa zamu. Fomula aliyoichapisha Mdenmarki A. K. Erlang mwaka 1917 inatoa uwezekano B wa simu kukataliwa, iwapo mzigo ni A na nafasi ni n:

```
B(0) = 1
B(n) = A·B(n-1) / (n + A·B(n-1))
```

Tukikubali simu mbili tu katika kila mia zikataliwe, nafasi 22 zinabeba erlangi 14.9, yaani wastani wa mazungumzo 14.9 yakiendelea kwa wakati mmoja. Kituo chenye sekta tatu kinabeba 44.7, na vituo vinne 178.8. Kwa upande wa mahitaji, tuchukulie kwamba kila mteja huzungumza sekunde 90 katika saa ya msongamano, sawa na erlangi 0.025. Wateja 6,500 wanaleta erlangi 162.5. Kwa jumla, basi, mtandao una nafasi ya ziada, na mtu anayesoma ripoti ya mji mzima hana sababu ya kushtuka.

Kosa liko hapo kwenye jumla. Nusu ya mzigo wote hutokea katika seli ya soko, yaani erlangi 81, ilhali kituo cha soko kinaweza 44.7. Kila sekta yake inaombwa kubeba takriban 27. Ukiingiza 27 na 22 katika fomula unapata 0.265: katika kila simu nne, moja inakataliwa, na hiyo ni kabla hujahesabu mtu anayebonyeza tena na tena mpaka apate. Vituo vitatu vya pembeni vinagawana erlangi 81 nyingine, na uwezo wao ni 134. Uwezo wa pembeni hauhamishiki kwenda sokoni.

Kuna mtego mwingine hapo hapo, na nimeuona ukiwanasa wahandisi wazuri. Kaunta za kituo huonyesha mzigo uliobebwa, si ulioombwa. Sekta ya soko itasomeka ikiwa na erlangi 19.8 tu, na anayepanga upanuzi kwa tarakimu hiyo atadhani anahitaji kuongeza theluthi moja, kumbe mahitaji halisi yamezidi uwezo kwa asilimia 80. Dalili ya kutazama ni asilimia ya maombi yaliyokataliwa. Sekta ikikaa kwenye kiwango kile kile cha juu kwa saa tatu mfululizo, mstari wa grafu ukiwa bapa badala ya kilele, basi imefurika na grafu haikuambii kwa kiasi gani.

Jibu la vitabuni ni kugawa seli. Ukipunguza R kutoka kilomita 2 hadi 1, eneo la seli huwa robo, hivyo palipokuwa na kituo kimoja huingia vinne. Kwa kuwa D hupungua sambamba na R, uwiano wao haubadiliki, na mwingiliano unabaki desibeli 18.6 zile zile. Vituo 16 vya kilomita moja vingekuwa na makundi manne kamili ndani ya mji, kila chaneli ikitumika mara nne badala ya mara moja, na uwezo ungefika erlangi 715. Sharti ni kwamba nguvu ya mtambo ipungue. Ili mpaka mpya upate mawimbi sawa na mpaka wa zamani, nguvu hushuka kwa kipeo cha nne cha nusu, yaani mara 16 au desibeli 12: mtambo wa wati 20 unabaki na wati 1.25.

Mtu akisikia hayo husema: tugawe seli ya soko peke yake, kwani ndiko kwenye shida. Vituo vitatu vipya badala ya 12, na bajeti inapumua. Hapa panahitaji kutulia, kwa sababu ndipo mipango mingi inapoharibika.

Seli ya soko ikigawanywa vinne, vituo hivyo vinne vidogo ni kundi zima, na kundi zima linataka chaneli zote 36. Lakini chaneli 27 kati ya hizo tayari zinatumika pembeni na vituo vikubwa vyenye nguvu kamili. Chukua kituo kidogo chenye chaneli inayotumika pia na kituo kikubwa kilicho kilomita 3.46 kutoka kwake, umbali ambao ungetosha kabisa kama vyote viwili vingekuwa vidogo. Simu iliyo mpakani mwa seli ndogo inapokea mtambo wake wenye nguvu ya sehemu moja ya 16 kutoka kilomita moja, na inapokea mtambo mkubwa wenye nguvu kamili kutoka kilomita 3.46. Uwiano ni 144 kugawanya kwa 16, yaani 9, sawa na desibeli 9.5. Huyo ni msumbufu mmoja tu, na ni kwa wastani. Simu ikiwa upande unaokielekea kituo kikubwa, umbali unakuwa kilomita 2.46 na uwiano unaanguka hadi desibeli 3.6. Mazungumzo hayawezekani hapo.

Njia ya kawaida ya kuepuka hilo ni kugawa chaneli mafungu mawili, moja la seli kubwa na jingine la seli ndogo, kwa muda wote ambao ukubwa wa aina mbili unaishi pamoja. Tuzipe seli kubwa chaneli 24 na ndogo 12. Sekta kubwa inabaki na chaneli mbili, nafasi 14, erlangi 8.2. Sekta ndogo inapata chaneli moja, na ikitoa kipande kimoja cha udhibiti inabaki na nafasi saba, erlangi 2.94. Vituo vinne vidogo vya soko kwa pamoja vinabeba erlangi 35.3. Kituo kimoja kikubwa kilichokuwapo kilikuwa kinabeba 44.7! Kampuni imejenga minara mitatu mipya na uwezo wa soko umepungua, na pembeni nako umeshuka kutoka 134 hadi 73.8, chini ya mahitaji ya 81. Ukigeuza mafungu, 12 kwa kubwa na 24 kwa ndogo, soko linapata 98.4 na kupona, lakini vituo vitatu vya pembeni vinabaki na 26.5 kwa mahitaji yale yale ya 81.

Sababu ya hasara hii haiko kwenye mwingiliano tu. Nafasi nyingi zilizo katika kapu moja hufanya kazi vizuri zaidi kuliko nafasi zile zile zikigawanywa makapu madogo, kwa kuwa katika kapu kubwa mteja akimaliza kuzungumza humwachia nafasi yeyote anayesubiri. Nafasi 22 zinabeba 14.9, yaani kila moja inafanya kazi theluthi mbili ya muda. Nafasi saba zinabeba 2.94, na kila moja inakaa bure zaidi ya nusu ya saa. Kila unapogawa chaneli unalipa kodi hii mara moja, na hakuna mpangilio wa masafa unaoifuta.

Mpangaji mwenye programu nzuri ya ramani anaweza kubana zaidi: akaziachia chaneli zao sekta tatu za pembeni zinazotazama soko, na kuzirudia sokoni zile za sekta zinazotazama nje, akitegemea kwamba antena haimwagi nguvu nyingi mgongoni. Inawezekana kupata chaneli mbili kwa kila sekta ndogo kwa njia hiyo, erlangi 98.4 sokoni, bila kuwaumiza sana wa pembeni. Lakini kiasi hicho kinatosha wateja 7,870 wa mji mzima, idadi itakayofikiwa kabla ya mwaka kwisha. Minara mitatu kwa miezi tisa ni bei ambayo mimi nisingeitetea mbele ya mkuu wa fedha.

Kinachobaki ni kugawa mji mzima kwa pamoja, na hilo linataka muda: vituo 12 vipya, kila kimoja na kiwanja chake, kibali cha halmashauri, cha mazingira na cha usalama wa anga, umeme na barabara ya kufikia. Swali la kweli, basi, ni jinsi ya kuishi mpaka siku hiyo.

Kampuni ina chaneli nyingine 24 katika bendi ya 1800 ambazo haijaziwasha mjini. Kwa kuwa zitawekwa katika kituo kimoja tu, hakuna kurudia masafa hata kidogo. Kikwazo ni kwamba chaneli zinazopakana hazifai kukaa kituo kimoja, kwa hiyo zinachukuliwa moja baada ya kuruka moja, zinapatikana 12, nne kwa kila sekta. Sekta ya soko sasa ina chaneli saba, vipande 56, na ikitoa vitatu vya udhibiti inabaki na nafasi 53 zinazobeba erlangi 43.1. Kituo kizima kinafika 129. Mahitaji ya leo ni 81, na 129 inatosha mpaka wateja wa mji wafike 10,300 hivi, karibu miezi 21 kwa kasi ya asilimia 30. Tahadhari ni kwamba mawimbi ya 1800 hudhoofika mapema kuliko ya 900, na mteja aliye kilomita 2 ndani ya nyumba ya matofali atayakosa. Hesabu ya kapu moja inashika tu kama watumiaji wengi wako karibu na mnara. Kwa soko na stendi, wako karibu. Kabla ya kununua mitambo, hilo lithibitishwe kwa kusoma thamani ya TA, kipimo cha umbali wa simu kutoka kwenye mnara, ambacho kila hatua yake ni takriban mita 550. Ikiwa simu nyingi za sekta ziko kwenye TA 0 na 1, mpango unasimama.

Pembeni nako kuna tarehe yake. Uwezo wa 134 unatosha wateja 10,700, miezi miwili hivi tu baada ya soko. Tarehe mbili zikikaribiana hivi, kazi ni moja: vituo 12 viwe vimesimama kabla ya mwaka wa pili kwisha.

Vituo vipya hujengwa na kujaribiwa kimoja kimoja, lakini havichukui wateja kimoja kimoja, kwa sababu kila kitakachowashwa kwa nguvu yake ndogo kati ya vikubwa kitakutana na ile desibeli 3.6. Mabadiliko hufanyika usiku mmoja, saa ambazo mji umelala: vituo vyote 16 vinapokea mpango mpya wa masafa, vya zamani vinapunguzwa nguvu, na orodha za majirani zinabadilishwa wakati huo huo, kwani simu haiwezi kuhamishwa kwenda seli ambayo haijatajwa kwenye orodha. Mpango wa zamani huwekwa tayari ili urudishwe kabla ya alfajiri mambo yakikataa.

Baada ya usiku huo soko lina vituo vinne. Chaneli 24 za bendi ya 1800 sasa zinapaswa kugawanywa kwa sekta 12, na kila sekta inapata mbili badala ya nne za mwanzo. Anayeangalia sekta moja ataona amenyang'anywa: kutoka chaneli saba hadi tano, kutoka erlangi 43.1 hadi 28.3. Lakini sekta hizo ni 12 badala ya tatu, na soko linabeba 339 badala ya 129. Mahitaji ya mwaka wa tano ni 300. Bila bendi ya 1800, vituo hivyo vinne vingeishia 178.8 na kufurika mwaka wa tatu, huku vituo 12 vya pembeni vikiwa na 536 kwa mahitaji ya 300. Wastani wa mji ungeendelea kuonyesha kwamba mambo ni shwari.

Tatizo linalojitokeza asubuhi yake karibu kila mara linatoka kwenye minara ya zamani. Ilijengwa mirefu, tuseme mita 45, ili ifike mbali, na kupunguza wati hakutoshi kuifanya isionekane mbali. Mpaka ukiwa kilomita moja, pembe ya kuutazama kutoka mita 45 ni digrii 2.6, na antena inapaswa kuinamishwa zaidi ya hapo, digrii 6 hivi, ili ukingo wa juu wa mwali wake uishie mpakani. Mtu akisahau, mteja aliye chini ya mnara mpya atakuwa anahudumiwa na mnara wa kilomita nne, TA ikisoma 7. Jirani yake kwenye chaneli hiyo hiyo atakuwa na RXLEV, yaani nguvu ya mawimbi yanayopokelewa, nzuri ya dBm −65, na wakati huo huo RXQUAL, yaani kiwango cha makosa, ya 6 katika kipimo cha 0 hadi 7 ambacho 7 ndiyo mbaya zaidi. Mawimbi yenye nguvu na sauti mbovu kwa pamoja ni alama ya mwingiliano, wala si upungufu wa minara, na anayejibu kwa kuongeza nguvu anawahamishia wengine shida.

Baada ya miaka mitano soko litadai tena, na kugawa kwa mara ya pili hadi nusu kilomita hakutakuwa na faida ile ile. Katika umbali mfupi, hasa barabarani ambako antena na simu zinaonana, mawimbi hupungua kwa kipeo cha pili tu badala ya cha nne, na uwiano wetu wa 144 unashuka hadi 12, ambao ukigawanywa kwa wasumbufu wawili unabaki desibeli 7.8. Ili kuurudisha, antena zinabidi zishushwe chini ya mapaa ili majengo yenyewe yawe ukuta kati ya seli, na mpangilio wa pembesita unaachwa, nafasi yake ikichukuliwa na mitaa. Tena, gari linalokwenda kilomita 60 kwa saa litavuka seli nzima kwa dakika moja, hivyo wasafiri wa barabara kuu wanafaa kuachiwa seli chache kubwa zenye chaneli zao wenyewe. Chaneli hizo nazo lazima zitolewe kwenye zile 36.